Fimbo ya Mzee Idarusi

Mzee Idarusi alikuwa fundi wa simu za reli. Alipostaafu alipata kigoda katika duka la vitu vya kale la Shaame, Mpemba mwenye ulimi mkali, pale Tanga. Kazi yake ilikuwa kushika mashine kuukuu na kusema nani kaitengeneza. Kigoda kile ndicho kilichobaki katika heshima yake yote.

Mashine yenye kapasita kubwa, kopo linalotunza umeme hata waya ukichomolewa, hakuigusa kwa mkono mtupu. Alitangulia na fimbo yake ya mbao, nchani ina waya na rezista, kidude cha kuupunguza umeme kasi, akaumwaga umeme uliobaki ndani. Akimaliza huilaza fimbo juu ya mashine. Zuwena, mjane wa mtaa wa Mabawa aliyepanga bidhaa dukani, alijua maana yake: fimbo ikilala, shika bila hofu.

Asubuhi moja Shaame aliwasha mashine ya kukuzia sauti za simu za mbali, ili mnunuzi Abrahamu aone taa zake za kioo zinavyong'aa. Akaizima, akachomoa waya. Rezista ya ndani ya kumwagia umeme ilikwishaungua zamani. Idarusi alishamwambia, akachekwa.

Kisha Abrahamu akanyanyua simu ya kukoroga kwa mkono. "Hii kweli ya enzi za Mjerumani, mzee?"

Shaame alimkazia mzee macho, akubali. Idarusi akaigeuza, akapapasa.

"Jenereta ni ya Siemens. Kengele za Ericsson. Mkono huu wa bakelaiti, plastiki ngumu ya kale, umekuja Mjerumani keshaondoka, na skrubu zake ni za vipimo vya Kiingereza. Simu tatu zimeunganishwa, bwana."

Abrahamu akaondoka bila kununua hata kibonyezo cha telegrafu.

"Zee la nuksi!" Shaame alifoka. "Toka! Kafie huko kwenu, hapa usirudi!" Akaikwapua fimbo ya mzee, akaivurumisha nyuma yake bila kutazama. Ikaanguka juu ya mashine ya taa, ikatulia.

Idarusi aliiona ilipolala. Alijua umeme bado umo, na alijua Shaame ndiye mwenye kawaida ya kuchomoa nyaya zile. Mwache aungue, aliwaza, aonje. Akainama kutafuta kandambili zake mlangoni, taratibu, makusudi, apate kusikia ukelele.

"Zuwena!" Shaame aliita. "Fungua nyaya za mashine hii, irudi stoo!"

Zuwena alikuwa uani, hakuwa ameona kitu. Akaingia, akaitazama fimbo, akamtabasamia mzee mlangoni.

"Ahsante, baba," akasema, akatia mikono yote miwili ndani.

Idarusi alipopata sauti, Zuwena alikuwa chini, macho wazi, kifua kimetulia. Shaame akapiga magoti, akambonyeza kifua, akambonyeza tena mpaka jasho likamtoka. Hakuamka.

"Mbona fimbo ilikuwa juu?" Shaame alilia. "Mzee, si uliiokota ukailaza wewe?"

Idarusi alikuwa amesimama na kandambili moja mkononi.