Mlango Uliopimwa kwa Mguu Wangu

Mimi Apolline siku ile Mbarara nilichoka mpaka mifupa. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri. Mume wangu Grégoire alibeba sanduku lake la vifaa vya ufundi, nami nilijikokota na mguu wangu wa kulia, ulioharibika tulipokimbia vita vya Kivu.

Kabanda, mwenye duka la dawa, alitaka mkono mpya wa chuma utiwe kwenye chombo cha mafuta na springi kilicho juu ya mlango wake, kinachoufanya ujifunge.

"Ikijifunga muzuri leo, milango ya maduka yangu yote ni yako," alisema. "Ikikataa, naita fundi ya hapa."

Grégoire alikuwa amekaa miezi mitatu bila kazi. Alipachika nusu ya kwanza ya mkono kwenye ekseli ya kile chombo, akakaza nati, akauvuta kushindana na springi, kisha akafunga nusu ya pili kwenye fremu. Akaurefusha mpaka nusu ile ikafanya pembe mraba na mlango uliofungwa. Hapo sawa.

Zikabaki skrubu mbili ndogo za kupunguza kasi: moja ya mwendo wa mlango, nyingine ya kipande cha mwisho, pale ulimi wa kitasa unapoingia. Sasa kambini kwetu fundi hukaza kila kitu mpaka mwisho, maana kilicholegea kinaibwa. Naye akazikaza zote mbili! Mlango ukaja kama ng'ombe mgonjwa, ukakwama kabla ya kufika kwenye fremu. Kabanda akasonya.

Grégoire akaingiwa na woga, akalegeza ile ya mwendo kupita kiasi. Nami ndio kwanza natoka. Pa! Kisigino changu.

"Mama yangu! Unataka kuniua?" Nilimkasirikia kweli, mbele za watu.

Grégoire akashika tena bisibisi. Akarudisha skrubu ya mwendo, akalegeza ile ya mwisho kidogo tu.

"Mama Patient, pita," aliniita kwa jina la mtoto wetu.

"Aka! Mimi si rula."

"Pita, tafazali."

Nikapita, nikinung'unika. Akageuza kidogo tena. Mara ya tatu mlango ulinisubiri, ukaja taratibu nyuma yangu, ukaongeza mwendo kidogo mwishoni: ta! Kitasa kikashika.

"Muzee, hii pole pole sana," alisema Kabanda.

"Bagonjwa ndio banakuja hapa, bosi. Habakimbiake."

Kabanda akaufungua mwenyewe, akautazama unavyojifunga, akacheka. "Jumatatu kuja. Milango iko ine."

Nilipaswa kufurahi. Lakini njia nzima nilikuwa na hasira. Mlango wetu Nakivale aliufungia mpira wa baiskeli ili ujirudishe, na miaka kumi na moja umenigonga mgongoni kila nikiingia na maji.

"Kumbe unajua namna ninatembea," nilimwambia.

Tulipofika nyumbani hata sanduku hakulitua. Alitoa kisu, akaukata ule mpira, mlango ukabaki wazi. Kuku wakaingia ndani. Sikuwafukuza.