Arobaini na Sita Isiyotosha

Siku matokeo yalipobandikwa, Mama Pacha aliingia wodi ya wazazi akicheka peke yake. Sisi wakunga wenzake tulijua tangu mlangoni kwamba kuna jambo.

"Takwimu nimeipita," alisema akifunga aproni. "Arobaini na sita! Nilidhani litanimeza lile somo."

Tulimpigia makofi, na akina mama waliolala vitandani nao wakapiga, ingawa hawakujua wanashangilia nini. Alikuwa na miaka arobaini na minne, miaka kumi na tisa kati ya hiyo akizalisha. Shahada ya kwanza aliimaliza zamani, kabla pacha wake hawajazaliwa. Sasa alikuwa akisoma uzamili wa afya ya jamii. Asubuhi alikuwa kazini na jioni darasani, na sisi tulikuwa tukibadilishana naye zamu ili asikose vipindi. Kwa hiyo ile arobaini na sita tuliiona kama ya kwetu sote.

Kosa lake lilikuwa dogo na lenye sababu. Somo la Takwimu lilifundishwa kwa pamoja: wanafunzi wa shahada ya kwanza wa mwaka wa mwisho na wale wa uzamili walikaa ukumbi mmoja na kufanya mtihani mmoja. Orodha ya matokeo nayo ilikuwa moja, namba za usajili na alama basi. Msichana aliyekaa naye dawati moja, wa shahada ya kwanza, alipata arobaini na tatu na akaambiwa amefaulu. Yeye aliyempita kwa alama tatu angewaza nini? Enzi zake arobaini ilitosha. Hakuna kitu kilichomfanya ashtuke.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, tukiwa tunapima watoto, simu yake ililia. Alikuwa karani wa ofisi ya uzamili, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake wa fomu.

"Mama, mbona hujajiandikisha mtihani wa marudio?"

"Wa marudio? Wa nini tena? Mimi nimefaulu."

"Umepata ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Mwanangu," karani alisema, na sauti ilikuwa imelainika, "arobaini ni ya shahada ya kwanza. Uzamili ni hamsini. Na orodha ya marudio inafungwa leo saa kumi. Ukiikosa, utalirudia somo zima mwakani. Njoo."

Nilimwona akikaa taratibu kwenye stuli, mtoto wa watu bado kifuani. Nikampokea mtoto. "Nenda," nikamwambia. "Wodi haitakimbia."

Alifika ofisini akiwa na aproni yake chini ya koti. Karani alimpa fomu, akangoja ajaze, kisha akageuza karatasi tupu na kumwandikia hesabu, maana alishaona wengi wakijidanganya hapo.

"Kazi za darasani umepata ishirini na mbili kati ya arobaini. Hizo unabaki nazo. Mtihani wa mwisho umepata ishirini na nne kati ya sitini. Jumla arobaini na sita. Sasa, unahitaji ngapi kwenye marudio?"

Mama Pacha akapiga hesabu kichwani. "Ishirini na nane. Ishirini na mbili na ishirini na nane, hamsini."

"Hapo ndipo wanapoangukia. Kwa uzamili, mtihani wenyewe lazima uupite kwa nusu. Nusu ya sitini?"

"Thelathini."

"Basi ukija na ishirini na tisa, jumla yako itakuwa hamsini na moja na bado utakuwa umefeli. Lenga thelathini kwenda juu. Na ujue, hata ukipata zote sitini, kwenye cheti itaandikwa hamsini tu. Marudio hayapewi zaidi ya hapo."

Alitoka pale, aliniambia baadaye, akiwa na aibu ya kumtosha mtu na jirani yake. Nyumbani mumewe alikuwa ameshawatangazia ndugu. Alipomweleza, mume aliondoa vyombo mezani, akasema, "Basi jikoni ni kwangu mpaka ufanye huo mtihani." Na alipika kweli, japo chumvi ilikuwa inakuja kwa bahati nasibu.

Kesho yake alimfuata mhadhiri wa Takwimu. Alikiri kwamba alikwenda na nia ya kuomba alama sita, ili mtihani ufike thelathini.

"Daktari, ni alama sita tu. Yule binti wa shahada ya kwanza ana arobaini na tatu na anaendelea."

Mhadhiri hakukasirika. Alitoa kabatini kitabu cha majibu cha Mama Pacha, akakifungua kwenye swali la tatu. Liliuliza hivi: kati ya kina mama mia moja waliokosa kliniki, kumi na wawili walizaa watoto wenye uzito pungufu, na kati ya mia moja waliohudhuria, sita; linganisha makundi hayo na ueleze maana yake. Mama Pacha alikuwa amegawa vizuri, akaandika "2", akapiga mstari chini.

"Mbili nini?" mhadhiri akauliza.

"Mbili... jibu."

"Hesabu umeipata, na nimekupa alama zake. Swali lilikutaka uieleze, hukuandika hata neno moja. Na maswali manne yako hivihivi. Binti wa shahada ya kwanza, akijua kukokotoa, kwa sasa anatosha. Wewe ukitoka hapa utaandika ripoti ambayo mtu ataitegemea kupanga huduma. Hebu niambie kama unavyomwambia mkunga mpya wodini. Hiyo mbili ni nini?"

Alifikiri. Akasema aliyekosa kliniki, uwezekano wake wa kuzaa mtoto wa uzito pungufu ni mara mbili ya aliyehudhuria. Kisha hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba hiyo peke yake haisemi kliniki ndiyo sababu, kwa kuwa anayekosa kliniki mara nyingi anakaa mbali, halafu hapati lishe nzuri.

Mhadhiri akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuandika hayo?"

"Nilidhani ni maneno ya wodini."

Kwa wiki tatu zilizofuata kila mapumziko ya chai yalikuwa takwimu. Yule msichana wa dawati moja naye alikuja wodini kusoma, akitaka kuanza uzamili mwaka ujao, na akasema bora azoee hamsini mapema. Yeye alimnoa Mama Pacha kwenye kukokotoa. Mama Pacha akamfundisha kusema namba zinamaanisha nini. Sisi tuliokuwa zamu tulilazimika kuulizwa "mbili nini?" hata tulipoomba vijiko viwili vya sukari.

Alipata thelathini na saba. Jumla ilikuwa hamsini na tisa, na kwenye matokeo ikaandikwa hamsini. Nilimuuliza kama haimuumi. Akacheka. "Iniume? Ningekuwa nimekaa hapa nikijiona nimefaulu mpaka mwakani."

Mwaka uliofuata alipeleka tasnifu yake ofisini, imejalidiwa kwa jalada gumu. Karani alipiga mhuri, akaifungua kuhakiki kurasa kama ilivyo kazi yake, akafika kwenye ukurasa wa shukrani. Baada ya Mungu, mume na pacha, ilikuwa imeandikwa: "Kwa karani wa ofisi ya uzamili, aliyenipigia simu siku ya mwisho wakati hakulazimika."

Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. Miaka ishirini na sita amepokea tasnifu dirishani pale.

"Ukurasa huu uko sawa," alisema. "Lete nakala ya pili."