Kimpira cha Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hushona nguo sebuleni kwetu kutwa nzima. Hana mtoto. Ulimi wake mkali kuliko mkasi wake, lakini mwanangu akilia, humwacha mteja amesimama katikati ya kupimwa akamkimbilia. Nilikuwa namwonea wivu mpaka roho inaniuma, sifichi.

Mwanangu, bado mchanga, alishikwa na mafua. Nikimpa ziwa, anavuta kidogo, anaachia, analia. Wifi anambeba chumbani kwake na kikombe cha maziwa niliyokamua. Akirudi, kikombe kitupu, mtoto kalala. "Kashiba huyo," ananiambia. Alaa! Kumbe mimi ng'ombe tu wa kukamuliwa?

Siku moja nikamfuata. Nikamkuta kamlaza chali, anamdondoshea kitu puani, na mkononi ana kimpira chekundu chenye ncha.

"Unamfanya nini mwanangu?"

"Namzibua pua kabla hajanywa. Haya ni matone ya maji ya chumvi, ya duka la dawa, na hiki kimpira cha kuvutia kamasi. Si ulikuwa na homa, mimi nikampeleka kliniki? Ndiko walikonionyesha."

"Lete!"

Nikampokonya. Nikachomeka ncha puani, ndipo nikaminya. Hewa ikamwingia, akapiga yowe. Wifi akanidaka mkono.

"Taratibu, we! Unampuliza. Kiminye kwanza kikiwa nje. Sasa weka ncha mlangoni mwa tundu tu, usisukume. Achia polepole."

Nikaachia. Kamasi likaja, nikaliminyia kwenye kitambaa. Tundu la pili, matone mawili, tukasubiri yalainishe, nikafanya vilevile. Nilitaka kurudia tena na tena ili nimshinde. Akakataa.

"Ukizidisha, pua inavimba, hata damu itatoka. Mara chache kwa siku inatosha, na iwe kabla ya kunyonya, akishashiba atakutapikia. Akihema mbiombio, mbavu zikibonyea, akipata homa au akikataa kunyonya kabisa, hapo si kimpira tena, ni hospitali mbio."

Nikampa ziwa. Akashika. Pua inapumua, mdomo umejaa, anameza hadi namsikia. Machozi yakanitoka, kisha hasira ikapanda.

"Siku zote hizi unajua! Mbona hukuniambia?"

Wifi alikuwa ameinamia karai, anaosha kimpira kwa sabuni na maji ya vuguvugu, anakiminya maji yote yatoke, akakiweka kikauke. Hakugeuka.

"Ningekuambia, ungenipa lini tena nimbebe?" akasema. "Akinyonya kwako, mimi nabaki na cherehani."

Nilikuwa na tusi zuri kwenye ncha ya ulimi. Mtoto akaachia ziwa, kashiba. Nikamwambia wifi akaushe mikono, nikampa amcheulishe.