Saumu ya Mwalimu Mwanabibi

Shule nzima pale Lundo, Mwislamu ni mmoja tu: Mwalimu Mwanabibi, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Mtoto wake ana miezi miwili na ananyonya tu. Ramadhani hii, kwenye joto la ziwani, mama anafunga.

Leo amemleta kliniki, nikampima. Hasira zikanipanda: wiki mbili, mtoto hajaongezeka hata gramu moja!

"Tangu jana asubuhi amekojoa mara ngapi?"

"Labda mara tatu, nesi."

"Na mkojo wako wewe?"

"Kama chai ya rangi. Kichwa kinauma, nikisimama naona giza."

"Mwili umekauka, Mwalimu! Maziwa hayaishi kwa kushinda njaa siku moja, lakini ukikaukiwa maji hivi, yanapungua. Mtoto asipofikisha kukojoa mara sita kwa siku, au wewe ukiona kizunguzungu, unafungua hapo hapo. Dini yako imekuruhusu, utalipa baadaye. Hujui?"

"Najua. Lakini hapa wote wananisifu kwa kufunga. Nitakulaje mbele yao?"

Nikamsukumia kikombe cha maji. "Kunywa!"

Akanywa huku analia, mtoto yuko titini. Moyoni nikawatukana Wakatoliki wenzangu kwa sifa zao za kijinga. Ndipo nikaikumbuka sauti yangu mwenyewe, Jumamosi, gulioni, mbele za watu:

"Mwoneni Mwalimu! Ananyonyesha, na bado anafunga!"