Mistari ya Ini na Figo

Mwalimu Lamduan ana droo moja mezani pake ambayo haifunguliwi na mtu mwingine. Ndani yake mna kalamu nyekundu, chupa ndogo ya mafuta ya kunusa, na karatasi moja ya mtihani iliyogeuka rangi ya chai. Karatasi hiyo ina miaka thelathini na mitatu. Naijua kwa sababu siku ile ya mtihani nilikuwa nimekaa dawati moja naye, na nafasi aliyoikosa yeye niliipata mimi.

Tulikuwa darasa la sita, katika shule hii hii ya kijijini, mkoa wa Phrae. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyekuwa akichukuliwa kusoma bure kwenye shule ya mjini. Sehemu ya mwisho ya mtihani wa sayansi ilikuwa ya kuoanisha: viungo vya mwili upande wa kushoto, kazi zake upande wa kulia, nawe unachora mstari kutoka nukta hadi nukta. Tulikuwa na rula moja kwa wawili. Rula ilikuwa ya Lamduan. Akaniazima mimi kwanza, nami nikachelewa kuirudisha, kwa hiyo akachora kwa mkono.

Mstari wa ini na mstari wa figo ilikutana katikati ya ukurasa. Kwa rula, mistari miwili ikipishana huwa huna shaka: kila mmoja umenyooka, unauona unakotoka na unakokwenda. Kwa mkono mistari hupinda. Yake ilipinda pale pale ilipogusana, na mtu angeweza kusema imepishana, au imegusana tu kisha kila mmoja ukarudi upande wake. Ikiwa imepishana, amepata zote mbili. Ikiwa imerudi, amekosa zote mbili.

Msahihishaji alikuwa Mwalimu Prasoet, kijana wa miaka ishirini na mitano wakati ule. Akaweka sifuri mbili. Baba yake Lamduan alikuja shuleni na kikapu cha wali wa kunata, akaunganisha viganja kwa heshima, akaomba karatasi itazamwe tena.

"Mimi sisahihishi mawazo ya mtoto, mzee," Prasoet alimwambia. "Nasahihisha ninachokiona. Hapa sioni njia."

Lamduan alishindwa kwa alama moja. Prasoet akaiandika kanuni hiyo kwenye daftari jeusi la shule: *mistari ikigusana na njia yake isijulikane, yote miwili sifuri.* Akatia sahihi.

Mimi nilienda mjini, nikamaliza sekondari, nikarudi kuwa karani. Lamduan alivuna tumbaku ya watu miaka minne, akasoma shule ya jioni, kisha chuo cha ualimu, akaomba kupangiwa hapa. Watu walidhani ameupenda mlima wetu. Prasoet, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, alimpokea kwa furaha. Nadhani alikuwa amesahau. Sahihisha karatasi elfu moja kwa mwaka uone utakumbuka ipi.

Mwezi wa pili mwaka huu mjukuu wake Prasoet, Chanya, alifanya mtihani wa nafasi ile ile. Babu haruhusiwi kumsahihisha mjukuu, kwa hiyo karatasi zilikwenda kwa Lamduan. Alisahihisha siku tatu. Ratri, binti wa muuza tambi, alipata tisini na moja. Chanya themanini na nane.

Mwalimu Mkuu aliingia ofisini mwangu na karatasi ya Chanya mkononi. Lamduan alikuwa hapo kwenye meza yake, kando ya yangu, anaandaa orodha ya matokeo, na walimu wengine wawili wanakunywa chai.

"Mwalimu Lamduan, kwenye kuoanisha umemnyima mtoto alama nne."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Hii ya jani na mzizi imepishana tu! Hata kipofu anaona."

"Imechorwa kwa mkono. Mimi sisahihishi mawazo ya mtoto." Akanigeukia. "Chura, hebu lete daftari jeusi."

Chura ni jina langu la utotoni. Hakuwa ameniita hivyo miaka mingi. Nililileta. Akanitaka nisome, nikasoma kanuni, tarehe na jina la aliyetia sahihi. Mwalimu mmoja aliweka kikombe chini taratibu.

"Hiyo ni ya zamani," Prasoet alisema. "Na nilisema *njia isijulikane*. Hapa inajulikana. Weka ncha ya penseli kwenye nukta, fuata. Mkono wa mtoto ukishaanza kuteremka haugeuki ghafla katikati. Mstari unaendelea na mwendo wake. Angalia, unapita, unafika kwenye kufyonza maji. Na huu unapanda, unapita, kutengeneza chakula."

"Kwa hiyo mistari iliyopishana hufuatwa kwa mwendo wake."

"Ndivyo wasahihishaji wote wanavyofanya, mama!"

"Basi nifuatie na hii."

Akafungua droo. Karatasi ya rangi ya chai ililala mezani. Prasoet alivaa miwani, akasoma jina juu.

"Duan," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, ulikuwa unaihifadhi hii miaka yote?"

"Ncha ya penseli, Mwalimu. Anzia kwenye ini."

"Mbele ya watu?"

"Baba yangu aliomba mbele ya watu."

Alichukua penseli. Akafuata kutoka ini, ikateremka, ikavuka, ikafika kwenye kutengeneza nyongo. Akafuata kutoka figo, ikapanda, ikavuka, ikafika kwenye kuchuja damu.

"Zote mbili sahihi," alisema.

"Ziandike."

Alifuta sifuri kwa kalamu nyekundu ya Lamduan, akaandika jumla mpya, akatia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Jumla hiyo ilinizidi mimi kwa alama moja. Hakuna aliyenitazama, ila mimi nilitazama viatu vyangu.

"Sasa ya mtoto," alisema Prasoet.

"Haki ni haki." Lamduan akaivuta karatasi ya Chanya, akafuata jani na mzizi, akaandika alama mbili. "Tisini."

"Na hizo mbili nyingine? Mapafu na utumbo?"

"Nifuatie wewe. Wewe ndiye fundi."

Prasoet aliweka ncha kwenye mapafu. Mstari uliteremka, ukakutana na wa utumbo, kisha yote miwili ikaenda pamoja, mmoja juu ya mwingine, upana wa vidole viwili, kabla ya kugawanyika. Penseli ilifika kwenye mgawanyiko ikasimama. Alirudi mwanzo, akajaribu tena. Ikasimama pale pale. Mistari ikipishana mwendo unakuongoza. Ikilaliana, mwendo ni mmoja, na baada ya hapo ni kubahatisha.

"Tumuulize mtoto," alisema.

"Karatasi ikishakusanywa mtoto haulizwi. Hiyo nayo imo daftarini, ukurasa unaofuata. Sahihi yako."

Alinitazama mimi. Nikafungua ukurasa. Ilikuwamo.

"Ulijua," Prasoet alimwambia. "Tangu mwanzo ulijua kwamba hata nikikubali, mtoto hafiki."

"Nilisahihisha siku tatu, Mwalimu wangu. Ningekosaje kujua?"

"Alama moja, Duan."

"Alama moja," alijibu, akasaini orodha: Ratri, tisini na moja, Chanya, tisini.

Prasoet alivua miwani, akaisahau mezani, akatoka. Lamduan alirudisha karatasi yake kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, kisha akaninyooshea mkono, kiganja juu.

"Rula yangu, Chura."

Nilidhani anatania, baada ya miaka thelathini na mitatu. Hakuwa anatania. Nikampa ya ofisini, akaondoka nayo.