Ncha ya Sindano Kwenye Kofia ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Kastabani, kwa sababu kile kichuma cha kukingia kidole hakikumtoka mkononi. Alipika nacho, alifua nacho, na wapo wanaoapa kwamba siku ya harusi yake bwana harusi alihangaika na pete mpaka jasho likamtoka, kumbe kidole anachokivisha kimeshavaa chuma. Mwenyewe husema ni uongo. Lakini husema huku kidole amekificha.

Kazi yake ilikuwa kofia za ukingo mpana, zile zinazosimama mezani kama kuna mtu ndani. Alizishonea sebuleni, penye dirisha, na kwa mambo ya kofia hakuogopa kitu. Alichokiogopa duniani kilikuwa kimoja tu, na wiki hiyo kilikuwa kimelala chumba cha pili, kwenye kitanda cha wageni: mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa na ulimi wa kukata kitambaa bila kupima. Siku moja aliusifu mchuzi wa jirani, na jirani akalia siku nzima. Mwaka huo maradhi yalimwangusha, akapona, lakini dawa zilichukua nywele zote, kichwa kikabaki kama yai. Daktari akaonya: ngozi ya kichwa hicho isipate hata mkwaruzo, mwili bado hauna nguvu ya kupigana na kidonda. Na wiki hiyo binti wake wa mwisho alikuwa anaolewa.

"Kilemba sitaki," mama alikuwa amesema. "Nikivaa kilemba wataniuliza naumwa nini. Nishonee kofia, waulize yule tajiri ametoka wapi."

Kastabani akashona kwa roho yake yote. Alichukua bakramu, kile kitambaa kigumu chenye gundi, akakilowesha kikawa laini kama chapati mbichi, akakivuta juu ya kalibu ya mti na kukibana mpaka kikakauka na umbo la kichwa: hilo ndilo bakuli la kofia. Ukingo akaukata kwa bakramu ya mikunjo miwili. Pembeni mwake akazungusha waya wa kofia, ule uliovikwa uzi, akaukamata kwa mshono wa blanketi, ncha zake mbili zikapandiana kwa nyuma ili zisichomoze. Waya mwingine akauzungusha chini ya bakuli la kofia, pale linapokaa kwenye paji la uso. Akavika juu hariri ya rangi ya zambarau.

Kisha, harusi ikiwa kesho, akaanza kuunganisha bakuli na ukingo. Hapo ndipo penye kazi, maana bakramu zinakutana, kitambaa kinakutana, na waya umelala katikati. Sindano inapita kwa kusukumwa. Alikuwa kwenye mshono wa mwisho, sauti ya mama ikaita toka chumbani:

"Mkwe. Maji, au nife kwanza?"

Akasukuma kwa haraka. Kitu kikalia *tik*. Akakata uzi, akaichomeka sindano kwenye kimto bila kuitazama, akakimbilia maji. Aliporudi akachukua sindano nyingine, nyembamba, akatia bitana, kile kitambaa cha ndani. Bitana ya satini laini, imekunjwa ukingoni na kushikizwa juu ya kile kiungo kwa mshono wa kujificha, uzi usionekane hata ukitafutwa kwa miwani miwili. Ikapendeza mpaka akaibusu.

Alasiri, akikusanya vifaa, akachomoa sindano ile ya kwanza kimtoni. Ilikuwa nusu. Tundu lipo, ncha haipo.

Akapangusa meza. Akapapasa sakafu, akakung'uta gauni, akafagia na kuchambua taka kama mchele. Hakuna. Ile *tik* ikamrudia sikioni. Ncha iko ndani ya kofia.

Akakimbilia sumaku yake ya kuokotea pini. Akaisogeza kwenye kofia, ikadaka. Akaisogeza pembeni, ikadaka tena. Mbele ikadaka, nyuma ikadaka. Waya, jamani, ni chuma. Kofia nzima imezungukwa na chuma, na sumaku haijui kubagua. Akajaribu vidole, lakini bakramu yenyewe ina vinundu na mishono ina mafundo, na kila fundo likawa ncha.

Ajali, ndiyo. Lakini mkwe kutia sindano kwenye kofia ya mama mkwe, nani katika dunia hii ataiita ajali? Mawifi wangeimba. Mumewe angenyamaza, na hilo ni baya zaidi. Na lile lililo baya kuliko yote lilikuwa kichwa chenyewe, kilichopona juzi.

Mlango ukalia. "Ndiyo hiyo?" Mama alikuwa amesimama kizingitini na kanga yake kichwani. "Mbona unaikanda kama unga?"

"Bado kidogo, Mama. Naiweka sawa."

"Iko sawa kuliko wewe. Lete."

"Mama, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Aliiacha kanga ianguke, akaitwaa kofia na kuiweka kichwani, akageukia kioo. Akauinamisha ukingo kidogo juu ya jicho moja. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, uso ule ukacheka.

Kastabani hakuona uso. Alikuwa anatazama shingo, akingoja uzi mwekundu wa damu ushuke nyuma ya sikio. Akaona mkono wa mama unainuka kuikandamiza kofia ikae vizuri.

"Usiibonyeze," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mama, ivue. Ivue polepole, juu, moja kwa moja. Ndani kuna ncha ya sindano. Ilivunjika, sikuona. Nilikimbilia maji."

Mama aliinua kofia kwa mikono miwili kama anayebeba chungu cha moto, akaiweka mezani. Akapapasa kichwa chake, akatazama vidole. Vikavu.

"Fumua," akasema, akavuta kiti, akakaa mbele yake goti kwa goti.

Kastabani akafumua. Mama alitazama kila uzi ukikatika. Bitana ilipofunguka upande wa nyuma, kitu kikameta: ncha ilikuwa imesimama kwenye kiungo, imeegemea waya, imetazama ndani. Ilibaki satini tu kati yake na kichwa. Kibonyezo kimoja kingetosha.

Kastabani akaitoa kwa koleo, akaiweka kando ya ile nusu yenye tundu. Zikakutana, zikawa sindano nzima. Ndipo machozi yakamtoka.

"Utalia baadaye. Shona."

Akashona bitana upya, mama akitazama. Alipomaliza, mama akaichukua kofia, akaigeuza, kisha akamvika Kastabani mwenyewe. Akaweka viganja viwili juu yake na kubonyeza. Mbele. Kushoto. Nyuma. Alibonyeza kama anayefunga sanduku la safari. Kastabani alifumba macho, akahesabu pumzi zake.

"Inauma?"

"Hapana, Mama."

"Ungesema hata kama inauma?"

"Leo ningesema."

Mama akaivua, akaivaa. "Mimi nimekutukana miaka yote hii," akasema, "na siku moja hukunijibu. Nikadhani ndani yako hamna kitu. Kumbe mna mdomo." Akageukia kioo. "Kesho nikishika kichwa usizimie. Ni upepo tu, naizuia isiruke."

Kesho yake, ukumbini kwenye harusi, kila mtu aliuliza yule tajiri ametoka wapi. Kastabani hakula, hakucheza. Alikaa meza ya nyuma akiitazama kofia ya zambarau. Na mama, kila alipoona mkwe wake ameanza kupumua, aliinua mkono polepole, akaugusa ukingo, akakunja uso kidogo kama aliyechomwa. Humo ukumbini hamkuwa na hata dirisha moja lililofunguliwa.