Kadi Niliyoigeuza Mbele ya Simu

Mpenzi wangu nilimdanganya kwa vidole viwili tu.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mimi nasoma shahada ya pili, mbali na nyumbani, na jioni nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji. Msimamizi alikuwa ameniongezea mkataba, miaka miwili mingine. Nilishakubali.

Yeye nilikuwa sijamwambia.

Sasa yeye na kadi za taroti, zile za kubashiri, usiseme! Alinipa pakiti siku naondoka, akanifundisha kuzisoma. Kila Jumapili tunapigiana video, mimi nachanganya, tunasoma wote.

"Leo tuulizie sisi," akasema. "Kadi ya kwanza aliyeondoka, ya pili aliyebaki, ya tatu kinachotushikanisha."

Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye birika, ng'ambo ya meza. Ya kwanza ikatoka Nane ya Sarafu: fundi kainamia kazi yake.

"Huyo ni wewe kabisa, Profesa!" akacheka.

Ya pili, Mbili ya Sarafu. Kijana anarusharusha sarafu mbili, zimezungushiwa utepe kama nane iliyolala. Nyuma yake meli zinapanda na kushuka na mawimbi. Ikitoka wima, unayumba lakini unamudu. Ikitoka kichwa chini, mzigo umezidi na kitu kinakaribia kudondoka.

Ilitoka kichwa chini.

Niliona mkataba wangu umeanikwa pale mezani. Nikaigeuza chap kwa vidole viwili.

"Wima," nikasema. "Tunamudu."

Akasogeza uso karibu na simu.

"Mbona umeigeuza?"

"Sijaigeuza, mpenzi. Wewe uko ng'ambo, unaiona kinyume."

"Haswa. Kwako ikiwa wima, mimi naiona kichwa chini. Sasa mbona ilipotoka niliiona wima?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwaga yote: mkataba, miaka miwili, uoga wangu.

"Hiyo kadi ni mimi," nikasema. "Nimeshindwa kukushika wewe na kazi."

Nilisubiri matusi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Hata lawama unataka ziwe zako peke yako? Hiyo ni kadi ya pili, bwana. Aliyebaki. Ni mimi."

Akaizungusha simu.

Ule ukuta mweupe nyuma yake, niliodhani kapaka rangi chumba, ulikuwa wa hospitali. Mama yake alikuwa amelazwa tangu mwezi uliopita. Siku za kazi mchana anafundisha, jioni yuko wodini, na simu zangu alikuwa akitoka kuzipokea kwenye korido, anisikilize nikilalamikia maabara.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniachia nafasi wapi ya kusema?"

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mama anaendeleaje?"

Ndipo akalia.

"Hiyo miaka miwili sitaijibu leo," akasema. "Mama ananiita."

Akakata.

Ndugu yangu uliye mbali, usidhani wewe pekee ndiye uliyeelemewa. Muulize aliyebaki ameshika nini, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Mimi bado nasubiri anipigie.